Nukta Moja, Fedha Mbili: Namna ya Kuandika Kiasi katika Barua Pepe



Tazama tarakimu hizi: 162.500. Ukimwonyesha mtu aliyeko Tanga au Hamburg, atasema ni laki moja, sitini na mbili elfu na mia tano. Ukimwonyesha anayeishi Maskati, atasema ni riali mia moja sitini na mbili na nusu. Wote wanajua kusoma hesabu, na kila mmoja amesoma kwa kanuni aliyoizoea. Tofauti iko kwenye nukta, ambayo kwa mmoja hutenganisha maelfu na kwa mwingine hutenganisha riali na baisa.

Nimeichagua tarakimu hii kwa sababu inafanana mno na zile zinazopita katika barua pepe za familia zetu. Siku hizi michango ya nyumba, ya matibabu na ya arusi hukusanywa kwa ndugu walio katika nchi tatu au nne. Anayeandika yuko nyumbani, wanaosoma wako mbali, na kila nchi ina fedha yake na mazoea yake ya kuziandika. Ugomvi wa namna hii huanza kimyakimya. Mmoja anaamini ametoa zaidi ya wote, mwingine anaamini ndugu yake amepunja, na pengine hupita miezi kabla ya yeyote kusema.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ndugu wanne wanataka kuezeka upya nyumba ya wazazi wao iliyoko Tanga. Kaka mkubwa yuko hapo hapo Tanga na ndiye msimamizi. Mdogo wake yuko Mombasa, dada yao yuko Maskati, na kitinda mimba yuko Hamburg, Ujerumani. Kaka anaandika hivi:

"Assalaamu alaykum ndugu zangu. Paa la nyumba ya wazazi limechoka na masika yanakaribia. Nimezungumza na fundi. Gharama yote ni kama 6.5m. Bati ni 38,000, zinahitajika 90. Mbao 1.48m, misumari na kofia laki tatu, fundi 1.2m, usafiri laki. Toeni 1.6m. Wa Mombasa ni sh. 80,000, wa Maskati riali 250, wa Hamburg 560. Tumeni na ya kutolea."

Barua hii ni ya kawaida kabisa, na kwa mtu aliyekaa barazani na kaka inatosha, kwa kuwa angemwuliza palepale. Lakini barua pepe haina wa kuulizwa palepale. Tuanze na nukta na mkato, kwani hapo ndipo penye hatari kubwa.

Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza huandika mkato kutenganisha maelfu, na nukta kutenganisha senti: 1,625,000.50. Ujerumani hufanya kinyume, huandika 1.625.000,50. Wafaransa hutenganisha maelfu kwa nafasi tupu na senti kwa mkato, na mazoea hayo utayakuta pia kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Haiwezekani kusema upande mmoja umekosea. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo wa mwaka 2003 uliamua kwamba alama ya desimali yaweza kuwa nukta au mkato, na kwamba maelfu yakitengwa, yatengwe kwa nafasi tupu wala si kwa alama yoyote kati ya hizo mbili. Uamuzi huo ni mzuri kwa vitabu vya sayansi. Kwenye barua pepe nafasi tupu ina udhaifu wake: simu yaweza kuikata tarakimu mwisho wa mstari, 1 ikabaki juu na 625 000 ikashuka chini.

Hata hivyo si kila tarakimu yenye alama ina utata. Tazama 1,625,000. Ina mikato miwili, na hakuna nchi inayoandika desimali mbili katika hesabu moja, basi mikato ile haina budi kuwa ya maelfu. Hata Mjerumani ataelewa. Tazama tena 560.35. Baada ya nukta kuna tarakimu mbili tu, na maelfu hufuatwa daima na tarakimu tatu, basi nukta ile ni ya senti. Utata hutokea pale penye alama moja tu, ikifuatwa na tarakimu tatu kamili. Hapo ndipo 38,000 ya kaka, akiisoma mtu aliyezoea Kijerumani, yaweza kuwa thelathini na nane kamili yenye desimali tatu, na 162.500 kuwa mambo mawili tofauti.

Sasa fikiri ni viwango gani vya shilingi vyenye alama moja na tarakimu tatu baada yake. Ni vyote kuanzia elfu moja hadi chini kidogo ya milioni moja. Hiyo ndiyo fedha ya kila siku ya nyumba: ada, nauli, dawa, kodi ya chumba. Kiasi kikubwa cha mamilioni kina kinga yake chenyewe, na kiasi kidogo ndicho kilicho wazi kwa makosa.

Kwa upande wa Ghuba tatizo ni zito zaidi. Shilingi, dola na yuro hugawanywa kwa senti mia, kwa hiyo sehemu ya sarafu huandikwa kwa tarakimu mbili. Riali ya Omani hugawanywa kwa baisa elfu moja, kwa hiyo desimali zake ni tatu. Dinari ya Kuweti na ya Bahareni ni vivyo hivyo, kwa fulusi elfu moja. Benki ya Maskati haiandiki 250 peke yake, huandika 250.000, nayo inamaanisha riali mia mbili hamsini bila baisa hata moja. Mtu wa Tanga akipokea picha ya risiti hiyo anaona robo milioni. Sarafu hizi kwa maumbile yake huangukia katika ule mtego wa alama moja na tarakimu tatu kila mara kiasi kilicho chini ya elfu moja kinapoandikwa kwa ukamilifu.

Turudi kwa ndugu wetu. Dada wa Maskati anajibu barua ya kaka kwa mstari mmoja: "Nimetuma 162.500, nyingine mwisho wa mwezi inshaallah." Kaka alitarajia shilingi 1,625,000 kutoka kwake. Macho yake yanaona 162.500, na kwa bahati mbaya hiyo ni sehemu ya kumi hasa ya fungu lake. Anadhani dada ametanguliza kidogo. Anayejua ukweli ni dada: ametuma riali 162 na baisa 500. Tukiweka kwa mfano kwamba riali moja ya Omani ni shilingi 6,500 za Tanzania, hiyo ni shilingi 1,056,250, karibu theluthi mbili ya fungu. Kaka anawaandikia wengine, "Dada ametoa laki na sitini tu," na dada anaisoma barua hiyo Maskati akiwa ametoka kupunguza matumizi ya nyumba yake ili atume.

Fedha zenyewe zitafika benki, nao ukweli utajulikana. Lakini neno "tu" limekwisha kuandikwa, na nakala yake iko kwenye simu nne.

Dawa ya kwanza ni kwamba kila kiasi kibebe jina la fedha yake, pale pale kilipo, wala si juu ya ukurasa peke yake. Majina tuliyoyazoea hayatoshi. Shilingi ziko nne: ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda na ya Somalia. Kaka aliposema "wa Mombasa ni sh. 80,000", ndugu wa Mombasa yuko katika nchi yenye shilingi na anaandikiwa na mtu wa nchi yenye shilingi. Akiichukulia ya Tanzania, atatuma sehemu ndogo sana ya kinachotakiwa, naye atakuwa ametii maneno ya barua neno kwa neno. Riali nazo ni nyingi: Omani, Saudia, Qatar, Yemeni na Irani. Riali ya Omani na ya Saudia zimefungwa kwa dola kwa kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1986, na kwa viwango hivyo riali moja ya Omani ni karibu riali 10 za Saudia. "Riali 250" iliyoandikiwa Maskati na kusomwa na ndugu aliyeko Jidda ni tofauti ya karibu mara kumi.

Kuna orodha ya kimataifa ya majina mafupi ya fedha, herufi tatu kila moja, iliyotolewa kwanza mwaka 1978 na Shirika la Kimataifa la Viwango kwa namba ISO 4217. Benki huitumia na wasomaji wengi wameiona kwenye risiti. Kwa kawaida herufi mbili za kwanza ni za nchi na ya tatu ni ya fedha: TZS, KES, OMR, SAR, AED, USD, CAD. Ya Uganda ni UGX na ya yuro ni EUR. Iandikwe kabla ya tarakimu na nafasi moja katikati, na iandikwe kila mara, hata kama barua ina viwango ishirini. Mwandishi ataona anajirudia. Ajirudie. Msomaji wa barua pepe hasomi yote. Hutafuta mstari wake, na pengine mstari huo mmoja ndio utakaonakiliwa na kupelekwa kwa mume, kwa mke au kwa karani wa benki.

Hapa niseme neno juu ya alama yetu ya zamani, ile ya 38,000/=. Asili yake ni uandishi wa shilingi na senti kwa mstari wa mshazari: 5/50 ilikuwa shilingi tano na senti hamsini, na 5/= ilikuwa shilingi tano bila senti. Mimi naipenda kwenye risiti ya karatasi, kwa sababu hufunga mwisho wa tarakimu asiweze mtu kuongeza sifuri. Kwenye barua pepe haina kazi hiyo. Haisemi ni shilingi ya nchi gani, mgeni huidhania alama ya kugawanya, na ukiinakili kwenye jedwali la kompyuta, 38,000/= huhesabiwa kuwa maandishi, si namba. Kanuni ya =SUM() huiruka bila kutoa onyo lolote, na jumla hutoka pungufu. Dalili yake ni kwamba namba husogea upande wa kulia wa kisanduku na maandishi hubaki kushoto. Ukiona tarakimu iliyojitenga kushoto, haikujumlishwa. Na tukiwa kwenye majedwali, kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani itaichukua 162.500 ya dada na kuifanya 162500 bila kuuliza.

Dawa ya pili ni maneno. Wazee wetu waliandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na cheki za benki hufanya hivyo hadi leo. Sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882, ambayo ndiyo kiolezo cha sheria za namna hiyo Kenya na Tanzania, husema kwamba maneno na tarakimu vikitofautiana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Lakini maneno ya Kiswahili yana mtego wake, na ni vema tuukubali. "Elfu kumi na tano" ni ngapi? Wengi tutasema 15,000. Lakini yaweza kuwa elfu kumi, na juu yake tano: 10,005. Ndiyo maana kuna wanaosema "kumi na tano elfu", wakiiweka elfu nyuma ili ifunge hesabu. Sokoni tena husemwa "milioni moja na mia sita", na anayesikia anajua ni 1,600,000, ingawa maneno yenyewe ni 1,000,600. "Laki mbili na nusu" ni 250,000, na nusu hiyo ni ya laki, si ya shilingi.

Kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi, na tarakimu peke yake hazitoshi. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja huziba tundu la mwenzake, kwa sababu utata wa tarakimu uko kwenye alama na utata wa maneno uko kwenye "na". Si lazima kuandika maneno kwa kila mstari wa misumari. Yaandikwe kwa kile kiasi ambacho mtu atakitoa mfukoni mwake, na kwa sarafu yenye desimali tatu ilivyo vyema kutaja sehemu zake: OMR 162.500 (riali 162 na baisa 500). Kama hakuna baisa, usiandike sifuri tatu. Andika OMR 250 kamili. Sifuri zile haziongezi chochote isipokuwa shaka.

Vifupisho vya m na k tuviache kwa mazungumzo. Tatizo lake kubwa katika barua ya kaka ni kwamba vinakaribisha kukadiria. Gharama ni "kama 6.5m", na fungu ni "1.6m". Ndugu ni wanne. Zidisha 1,600,000 kwa nne, unapata 6,400,000. Zimepungua 100,000, kiasi kile kile cha usafiri, na hakuna aliyeandikwa kuzilipa. Tena, ukifuata viwango vyake, wa Maskati anayetoa riali 250 anatoa TZS 1,625,000, na wa Mombasa anayetoa KES 80,000, kwa mfano wa shilingi moja ya Kenya kuwa ishirini za Tanzania, anatoa TZS 1,600,000. Mafungu yaliyokusudiwa kuwa sawa hayako sawa. Ni tofauti ndogo, lakini katika mambo ya ndugu tofauti ndogo isiyoelezwa hukaa moyoni kuliko kubwa iliyoelezwa.

Yako pia maneno ya barua ile ambayo si ya hesabu lakini hubadilisha hesabu. "Bati ni 38,000": ni kwa bati moja, au kwa mita? Mabati huuzwa kwa namna zote mbili, na kama bati ni la mita 3, tofauti ni mara tatu. "Toeni 1.6m": kila mmoja, au nyote pamoja? Kitenzi cha wingi hakisemi. "Tumeni na ya kutolea": kwa mtu wa Mombasa au Tanga ni lugha ya kila siku, anajua aongeze makato ya kutoa fedha kwa wakala. Kwa aliyeko Hamburg anayetuma kwa benki haina maana. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba kiasi kilichotajwa ndicho kinachotakiwa kufika, na gharama ya kutuma ni juu yake, au kinyume chake kama ndivyo walivyokubaliana.

Jambo lililobaki ni zito zaidi ya hayo: deni la kila mmoja liko katika fedha gani? Kaka amemwambia dada "riali 250". Je, dada akituma riali 250 amemaliza, hata thamani ya riali ikishuka? Tuseme siku ya kutuma riali inabadilishwa kwa TZS 6,300. Riali 250 zitaleta TZS 1,575,000, pungufu ya 50,000. Kwa barua ya kaka, dada ana haki ya kusema amelipa alichoambiwa, na kaka ana haki ya kusema mabati hayanunuliwi kwa riali. Njia iliyo safi ni kuchagua fedha moja ya msingi, ile ambayo gharama zitalipwa kwayo, na kusema wazi kwamba fedha nyingine zimetajwa kwa makadirio tu, pamoja na kiwango kilichotumika na tarehe yake. Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu 3/2 ni Februari kwetu na ni Machi kwa aliyeko Marekani.

Sasa tuiandike upya barua ya kaka. Viwango vya kubadilishia ni vya mfano tu.

Mada: Paa la nyumba ya wazazi. Jumla TZS 6,500,000. Kila mmoja TZS 1,625,000

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Katika barua hii mkato hutenganisha maelfu na nukta hutenganisha senti au baisa.

Mabati 90 ya mita 3, kila bati TZS 38,000: TZS 3,420,000
Mbao: TZS 1,480,000
Misumari na kofia: TZS 300,000
Ujira wa fundi, kazi nzima: TZS 1,200,000
Usafiri: TZS 100,000
Jumla ya mistari mitano: TZS 6,500,000

Tuko wanne pamoja nami. TZS 6,500,000 kugawanya kwa 4 ni TZS 1,625,000 kwa kila mmoja (shilingi za Tanzania milioni moja, laki sita, na ishirini na tano elfu). Hiki ndicho kiasi kinachotakiwa kufika Tanga. Gharama ya kutuma na kutoa ni juu ya mtumaji.

Makadirio kwa viwango vya tarehe 3 Februari 2025:
Mombasa: KES 81,250 (KES 1 = TZS 20)
Maskati: OMR 250 kamili (OMR 1 = TZS 6,500)
Hamburg: EUR 560.35, yaani yuro 560 na senti 35 (EUR 1 = TZS 2,900)

Kiwango kikibadilika, kinachofuatwa ni TZS 1,625,000.

Barua imerefuka, lakini haijawa ngumu. Kila mstari unajitegemea, na hilo limekusudiwa. Jedwali lililopangwa kwa safu huonekana zuri kwenye kompyuta, likifika kwenye simu safu hutawanyika na tarakimu hukaa mbali na kichwa chake. Msomaji pia anaweza kuijumlisha mwenyewe: tisini mara 38,000, kisha mistari mitano, kisha kugawanya kwa nne. Jumla isiyoweza kukokotolewa upya na msomaji haina namna ya kumwonya mwandishi aliyeteleza. Yuro ilikatwa kwa kupandisha: hesabu kamili ni 560.3448, na ukiandika 560.34 zinafika TZS 1,624,986, pungufu ya shilingi 14. Ukiandika 560.35 zinazidi 15. Sioni ubaya wa kuzidi.

Na jibu la dada lingekuwa hivi: "Leo nimetuma OMR 162.500 (riali 162 na baisa 500), sawa na TZS 1,056,250 kwa kiwango cha 6,500. Nimebakiwa na TZS 568,750, kama OMR 87.500 (riali 87 na baisa 500)." Kaka akijumlisha 1,056,250 na 568,750 anapata 1,625,000, na mazungumzo yamekwisha. Tazama pia kwamba dada ametaja alichotuma na kilichobaki, vyote viwili. Mtu akiandika "bado 568,750" peke yake, msomaji hajui kama ndicho kilichobaki au ndicho kinachokuja.

Risiti za Ghuba zina jambo moja zaidi, ambalo waliosoma madrasa wataliona upesi kuliko wengine. Baadhi huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na humo ٢٥٠ ni 250. Asiyezijua huiona ٥, ambayo ni tano, kuwa sifuri, na ٠, ambayo ndiyo sifuri, kuwa nukta. Anayetuma picha ya risiti kwa familia aandike kiasi upya chini yake, kwa herufi za fedha na tarakimu ambazo wote wanazisoma.

Iwapo baada ya barua kutoka bei imebadilika, tuseme bati limepanda hadi TZS 40,000, kaka asijibu tu, "Sasa ni 6,680,000." Aseme: "Jumla mpya ni TZS 6,680,000, badala ya TZS 6,500,000 ya barua ya tarehe 3 Februari 2025, fungu jipya ni TZS 1,670,000 kwa kila mmoja, badala ya TZS 1,625,000, yaani nyongeza ya TZS 45,000." Vinginevyo atakayekuwa ameshatuma fungu lake lote atajiuliza kama anadaiwa elfu arobaini na tano au milioni moja na zaidi, na mada ya barua ile ya mwanzo itaendelea kukaa juu ya kila jibu ikiwa na jumla ya zamani. Kwa hiyo abadilishe na mada.